Kibanda cha asubuhi kwa mtu asiyeweza kukaa peke yake

Wapo watu ambao ukiwafungia chumbani na kompyuta kuanzia asubuhi hadi jioni, siku ya tatu wanaugua. Si wavivu. Wakipewa kazi ngumu katikati ya watu wataifanya wakiimba, lakini kazi nyepesi ya upweke inawashinda. Mtu wa namna hii akitaka kujiajiri huambiwa afungue duka, awe wakala wa pesa, au auze nguo mtandaoni, na wanaomshauri huwa wanatazama kitu kimoja tu: hapo watapita watu wangapi kwa siku. Mimi naona kuna maswali mawili yanayotangulia hilo. Aliyekuja leo, kesho atarudi? Na mikono yako ikiwa kazini, mdomo wako utakuwa huru kuzungumza?

Ukizipima biashara za mtaani kwa maswali hayo, nyingi zinaanguka mapema. Kuuza nguo mtandaoni kunaanguka kwenye swali la kwanza kabisa, maana siku nzima unajibu ujumbe na jioni unampa bodaboda mzigo. Duka la vifaa vya ujenzi lina watu, lakini aliyenunua mabati leo anaweza asionekane tena kwa miaka mitano. Ukonda wa daladala una watu mamia, na wote wanashuka kabla hujawajua.

Uwakala wa pesa unastahili kusemwa zaidi, kwa kuwa ndio unaowavutia wengi. Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata, kila kona imekuwa na meza na mwamvuli, na kweli wateja ni wengi na wanarudi. Tatizo liko kwenye mdomo. Wakala anayepiga soga anakosea tarakimu, na tarakimu moja ikikosewa pesa imekwenda kwa mtu mwingine. Matapeli wanalijua hilo. Mmoja anakuja na maneno matamu, anauliza habari za nyumbani, huku mwenzake anakuonyesha ujumbe wa uongo kwenye simu kwamba muamala umekamilika. Wakala mzuri ni mtu mkimya anayetazama salio lake kabla ya kutoa noti. Mpenda watu akikaa kwenye kiti hicho, tabia yake nzuri inageuka kuwa hasara.

Kinyozi anafaulu maswali yote mawili. Mashine inanyoa, mdomo unaongea, na mteja anarudi baada ya wiki mbili. Saluni ya kusuka ni vivyo hivyo, tena huko mteja mmoja anaweza kukaa saa nne. Lakini kinyozi anaongea na kichwa kimoja kwa wakati mmoja, na anayetaka kukutana na watu wengi kila siku atahisi pengo. Kwa mtu huyo, biashara ninayoipendekeza bila kusita ni kibanda cha chai ya asubuhi: chapati, maharage, chai ya rangi, na kahawa baadaye jua likishapanda. Watu hamsini, sitini, wote kabla ya saa nne, na wengi wao ni walewale wa jana.

Nitaueleza mji ninaoujua, Dar es Salaam. Mteja wa chai ya asubuhi pale ni mtu aliyetoka nyumbani bila kula kwa sababu foleni haimsubiri. Ni fundi ujenzi anayewahi saiti, mlinzi anayetoka lindo la usiku, dereva wa bodaboda aliyeshusha abiria wa kwanza, kijana wa gereji, muuguzi anayeingia zamu. Hawa wana dakika chache, wana njaa ya kweli, na wanapita njia ileile siku sita kwa wiki. Ndiyo maana kibanda kinatakiwa kiwe upande wa barabara ambao watu wanasubiri gari la kwenda kazini. Upande wa pili, wanakoshuka jioni, utauona umejaa watu, ila watu hao wanawahi kufika nyumbani. Hili linaweza kupunguza mauzo yako kwa nusu, na wengi hulijua wakiwa wameshalipia eneo.

Kuhusu eneo, usijenge juu ya mfereji wala kwenye hifadhi ya barabara hata kama wenzako kumi wamejenga. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliondolewa kwenye maeneo yasiyoruhusiwa na kupelekwa kwenye masoko na maeneo yaliyopangwa, na waliopoteza zaidi ni wale waliokuwa wameshazoeleka na wateja wao mahali pamoja. Kwa biashara inayotegemea kuzoeana, kuhamishwa ni kuanza upya. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muulize eneo gani linaruhusiwa, halafu nenda kwa bwana afya wa kata. Atataka wewe na msaidizi wako mpime afya, na kipimo hicho hurudiwa kila baada ya muda. Atataka pia kuona maji ya kunawia na choo cha karibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpenda watu halioni anapokitazama kibanda cha mwenzake. Yeye anaona saa tatu za kuuza: vicheko, salamu, ubishi wa Simba na Yanga. Haoni kwamba saa hizo zimebebwa na saa nyingine nne au tano za kuandaa, na kuandaa kunafanyika gizani, peke yako, watu wakiwa wamelala. Nimeona watu wachangamfu wakifungua kibanda kwa shangwe na kukifunga mwezi wa pili, na ukiwauliza hawasemi hawakupata wateja. Wanasema wamechoka. Kilichowachosha ni ule upweke wa alfajiri ambao ndio walikuwa wakiukimbia.

Dawa yake ni kupanga kazi ili sehemu kubwa ya maandalizi ifanyike mbele ya watu. Chukua maharage. Yachambue na kuyaloweka mchana, uyachemshe jioni uani wakati majirani wapo nje, ambapo kazi na mazungumzo vinakwenda pamoja. Yachemshe kwa maji na chumvi tu. Usiyaunge. Nazi, nyanya na kitunguu vikiingia jioni, joto la Dar es Salaam litayachachisha kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Hata yakiwa matupu, usifunike sufuria kabisa yakiwa ya moto. Acha upenyo mvuke utoke yapoe haraka. Alfajiri yachemshe tena mpaka yatokote kwelikweli, ndipo uyaunge. Ukifungua sufuria ukakuta povu jepesi juu na harufu ya uchachu, hata kama ladha bado unaiona nzuri, yamwage. Kuongeza viungo ili kuficha uchachu ndiyo njia fupi ya kupoteza benchi zima la wateja kwa siku moja, maana hawa wanajuana, na mmoja akiharisha wote watasikia.

Chapati nazo zina sehemu mbili. Kukanda, kukata madonge, kusukuma mara ya kwanza, kupaka mafuta na kuviringa ni kazi ya nyumbani. Ukitumia maji ya uvuguvugu na kuacha unga upumzike umefunikwa kwa nusu saa, chapati inalainika na haivutani kama mpira. Madonge yakishaviringwa na kupakwa mafuta yanapumzika tena, na hapo ndipo yanapochukuliwa kwenye beseni kwenda kibandani. Kusukuma mara ya mwisho na kuchoma kufanyike pale pale, mbele ya wateja, huku uso wako ukiwaelekea. Wengi hupanga jiko ukutani wakawapa wateja mgongo, kwa kuwa upepo unawafaa zaidi hivyo. Kwa mtu wa kawaida ni jambo dogo. Kwa mpenda watu ni kuitupa sehemu yote ya kazi aliyoifuata. Jiko likiwa mbele, benchi mbele ya jiko, wewe katikati, unachoma na unaongea, na harufu ya chapati inayogeuzwa kwenye kikaango inamwita mpita njia bila wewe kupaza sauti. Kinga upepo kwa bati upande mmoja, inatosha.

Na kuwe na msaidizi tangu siku ya kwanza. Si kwa sababu kazi ni nyingi kupita kiasi. Mtu mmoja hodari anaweza kuuza chapati sabini. Msaidizi anatakiwa kwa sababu mkono unaopokea pesa haufai kushika unga, na kwa sababu saa kumi alfajiri mkiwa wawili mnasemezana. Ukimpata mtu mkimya, mwenye mkono wa haraka na jicho la hesabu, mshike vizuri. Wachangamfu wawili kwenye kibanda kimoja huunguza chapati.

Tuje kwenye hesabu. Nitaweka bei za mfano. Wewe ziondoe uweke za mtaa wako, utaratibu ni uleule. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa chapati 12 za ukubwa wa kawaida. Ukikanda kilo 6 una chapati 72. Unga kwa shilingi 2,000 kilo ni 12,000, mafuta lita moja na nusu ni 7,500, chumvi na sukari kidogo 500, jumla 20,000. Ukiuza zote kwa 500 unapata 36,000. Chai ya rangi vikombe 50 kwa 300 ni 15,000, na ndani yake umetumia kama 6,000 za sukari, majani, tangawizi na mdalasini. Sukari ndiyo inayokula, kwa kuwa wateja wa asubuhi wanaipenda tamu. Maharage sahani ndogo 40 kwa 500 ni 20,000, na kilo mbili na nusu za maharage pamoja na nazi na viungo zimekugharimu 11,000.

Mauzo ya siku ni 71,000. Bidhaa zimekula 37,000, zimebaki 34,000. Hapo ndipo wengi husimama na kufurahi. Endelea kidogo: mkaa au gesi 6,000, maji 2,000, msaidizi 10,000, eneo, usafi na vikombe vinavyovunjika 3,000. Jumla 21,000. Kilichobaki mkononi mwako ni 13,000, ikiwa vyote vimeuzika na wote wamelipa. Si pesa mbaya kwa kazi inayokwisha kabla ya adhuhuri, lakini iangalie vizuri uone ilivyo nyembamba: katika kila shilingi 100 iliyopita mkononi, yako ni kama 18.

Wembamba huo ndio unaonifanya nizungumzie mkopo kwa kirefu, kwa sababu huu ndio ugonjwa wa mtu anayependa watu. Mteja wako wa kawaida anakula chapati mbili, maharage na chai: shilingi 1,800. Ndani yake faida yako ni kama 330. Asubuhi moja anakuja kijana wa gereji, anakula, anajifuta mdomo, anasema, "Dada, leo bosi hajatoa hela, nitakuletea jioni." Wewe unamjua, unajua mama yake anaumwa, mlicheka pamoja jana. Unasema sawa. Jioni haji, keshoye anapita upande wa pili wa barabara. Hujapoteza 330. Umepoteza unga, mafuta, mkaa na mshahara wa msaidizi uliokwisha kutumika, karibu 1,470, na ili uzirudishe unahitaji faida ya wateja wengine wanne au watano waliolipa taslimu. Wakiwa watano wa namna yake kwa siku moja, 9,000 zimeondoka kwenye 13,000 zako. Wakiwa wanane, 14,400, umeamka saa kumi alfajiri, umeuza kila kitu, benchi lilijaa, na umeingia hasara.

Ubaya wa hasara hii ni kwamba haionekani. Kibanda kimechangamka, kila mtu anakupenda, chapati zinakwisha saa mbili na nusu. Dalili yake inajitokeza mahali pengine: unga wa kesho unaanza kuununua kwa kilo mbili mbili dukani kwa bei ya juu badala ya mfuko, halafu unaanza kukopa sukari kwa mwenye duka. Ukijiona umefika hapo huku wateja wakiongezeka, usitafute mchawi. Fungua daftari la madeni.

Tena mkopo usiolipwa haukuletei upendo wa mteja. Unamfukuza. Aliyekudai anapita mbele yako kifua mbele. Unayemdai ndiye anayezunguka nyuma ya soko asikuone. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga waliliona hili. Kwa hiyo ukimkopesha mtu asubuhi umempoteza rafiki na mteja kwa pamoja, na wewe biashara hii uliifungua kwa ajili ya watu.

Utaratibu unaofanya kazi ni mwepesi kuueleza na mgumu kuushika. Mwezi wa kwanza usikopeshe mtu yeyote, ndugu wala mwenyekiti wa mtaa, ili sura ya kibanda ijulikane mapema. Kuanzia mwezi wa pili weka kikomo: watu wasiozidi watano kwenye daftari, wale unaowajua wanapofanya kazi, na hakuna anayeongeza deni kabla ya kulipa la kwanza. Kukataa mwachie msaidizi, ndiyo kazi nyingine ya yule mkimya: "Pole kaka, dada ameniwekea hesabu, mimi siwezi kuigusa." Wewe unaendelea kuchoma chapati na kumwuliza mteja habari za mtoto wake, na heshima yenu inabaki. Weka na lipa namba ukutani, iandikwe kwa herufi kubwa, kwani kisingizio cha kukosa chenji au noti kimekufa siku hizi. Lakini ujumbe wa malipo usome kwenye simu yako mwenyewe. Usisome kwenye ya mteja.

Na yule ambaye kweli hana, na una hakika hana? Mpe chapati moja na chai, umwambie wazi kwamba umempa, asiandikwe popote. Weka kiasi cha hiyo sadaka kwenye hesabu ya siku, tuseme 1,000, ikiisha imeisha. Sadaka unayoijua haikuangushi. Hesabu ya sadaka iliyojificha ndani ya deni ndiyo inayoangusha.

Kitu cha pili kinachohitaji nidhamu ni mazungumzo yenyewe. Mtu anayependa soga anadhani kadiri mteja anavyokaa ndivyo biashara inavyostawi. Hebu tuhesabu viti. Una mabenchi mawili, kila moja watu watano, jumla 10. Kishindo cha asubuhi kinaanza kama saa kumi na mbili na nusu na kuisha saa mbili, saa moja na nusu tu. Mteja akikaa dakika 20, mabenchi yako yatapokea watu 45 katika muda huo. Ukimkalisha dakika 40 kwa hadithi tamu, yatapokea kama 22, na waliobaki watasimama kidogo, watatazama saa, watakwenda kununua maandazi kwa jirani. Hakuna atakayekulalamikia. Hutajua hata walikuwepo.

Kwa hiyo wakati wa kishindo, mazungumzo yawe ya benchi zima na yawe mafupi. Mwite mtu kwa jina lake, mtajie anachokula kabla hajaagiza, "Anko, mbili na maharage yenye rojo nyingi, au leo umebadilika?", mrushie swali aliyekaa mwisho wa benchi ajibiwe na wa katikati, wewe ukiwa umeshahamia kwenye chapati nyingine. Kukumbuka anachokula mtu kunafanya kazi kubwa kuliko hadithi yoyote ndefu, na kunachukua nukta mbili. Muuzaji hodari hazungumzi sana muda huo. Anawafanya wenzake wazungumze, na wanaozungumza wao kwa wao huondoka kwa wakati, kwa kuwa hawajisikii kwamba wanamkatisha mwenye kibanda.

Hamu yako ya kukaa na watu itunze mpaka saa tatu. Hapo waajiriwa wameshakwenda, wanabaki madereva wa bodaboda wanaopumzika, wazee wastaafu, mafundi wasio na kazi ya siku hiyo, wenye maduka ya karibu. Huo ndio wakati wa kuweka dele la kahawa kwenye makaa, kahawa chungu yenye tangawizi, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata za karanga kwenye sahani. Kahawa haihitaji mkono wako kila dakika. Unakaa nao. Hapa mtu akikaa nusu saa hakuna anayesubiri kiti chake, na atakunywa vikombe vitatu. Hesabu ya kahawa ni ndogo, lakini kijiwe hiki ndicho kinachokupa habari za mtaa: nani anahama, wapi kuna saiti mpya yenye mafundi thelathini, nyumba gani ina msiba na itahitaji chapati mia mbili kesho kutwa. Oda za namna hiyo za shughuli na misiba zinaweza kuleta kwa siku moja faida ya wiki nzima, na haziji kwa tangazo. Zinakuja kwa aliyekunywa kahawa kwako.

Kuna mpaka hapo, na nauweka kwa uzito. Unayesikia habari zote usizipeleke. Mwenye kibanda akijulikana kuwa anachukua neno la benchi hili kulipeleka benchi lile, watu wataendelea kula ila watanyamaza, na wakinyamaza watahama. Siasa nazo, msimu wa uchaguzi, waachie wao wabishane. Wewe una wateja wa vyama vyote.

Kuna misimu itakayokuyumbisha, ni vyema uijue kabla. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, asubuhi ya mvua inaweza kukupunguzia wateja nusu, na mkaa uliolowa unachelewesha kila kitu. Siku hizo kanda kilo 3 na usijikaze. Ramadhani, mauzo ya asubuhi yanashuka sana mitaa yenye Waislamu wengi, na Zanzibar kula hadharani mchana hakukubaliki kabisa. Kinachofaa ni kuhamia jioni: chapati na maharage ya nazi vinauzika vizuri kwa futari, ingawa wateja wanabeba kwenda nyumbani na mpenda watu atalikosa benchi lake kwa mwezi huo. Magonjwa ya tumbo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea sehemu kubwa ya nchi, na unapotokea mlipuko kama huo wauza chakula wa barabarani ndio wanaosimamishwa kwanza. Ndoo ya kunawia yenye bomba, sabuni, maji ya kunywa yaliyochemshwa na vyombo vinavyosuuzwa kwa maji yanayobadilishwa mara kwa mara vinagharimu kidogo. Maji ya beseni yakishakuwa na rangi ya chai, umechelewa kuyamwaga.

Jambo la kodi nalo lisiachwe. Sheria ya kodi ya mapato imekuwa ikiwaacha nje wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kwa mfano wetu, mauzo ya 71,000 kwa siku 26 ni 1,846,000 kwa mwezi, kwa hiyo ndani ya miezi mitatu umeshapita kiwango hicho. Wanaotazamwa ni mauzo, wala si faida. Nenda ofisi ya TRA ya karibu mapema na daftari lako la kila siku ukakadiriwe kwa ukweli, badala ya kukadiriwa na mtu aliyeona benchi limejaa.

Kabla hujanunua kikaango wala benchi, mwombe mama lishe mmoja wa mtaa wa mbali kidogo na wako akuruhusu umsaidie kwa wiki mbili bila malipo. Fika kwake saa kumi alfajiri, si saa moja. Kanda naye, osha vyombo, simama pale mtu anapoomba mkopo usikie anavyojibiwa. Kila siku andika watu waliokaa, waliosimama wakaondoka, na walioondoka bila kulipa. Ukimaliza wiki mbili ukiwa bado unaitamani saa kumi na mbili na nusu ifike, anza na kilo 3 za unga, benchi moja, msaidizi mmoja, na daftari lisilo na deni hata moja.